Sodiamu 114, potasiamu 2.3: jibu limo kwenye mfuko wa mkojo

Saa sita usiku muuguzi anamwaga mfuko wa mkojo, anapima, anaandika: mililita 300 kwa saa moja. Saa iliyotangulia zilikuwa 280. Mchana mgonjwa huyu alikuwa akitoa vijiko tu. Sasa presha imepanda hadi 118/74, ulimi una unyevu, mwenyewe anaulizia uji. Daktari wa zamu anaridhika na anaagiza chupa nyingine ya chumvi 0.9% yenye potasiamu ndani.

Hapo ndipo swali la mtihani linapokatiza: ni hatua ipi inayofuata?

Machaguo ni haya. Kuendelea na dripu ile ile. Kuongeza kasi ya dripu kwa kuwa mkojo unatoka mwingi. Kumpa furosemaidi. Kumpa chumvi ya 3%. Kusimamisha dripu na kumpa desmopresini.

Jibu ni la mwisho, na ndilo lililonikaa kichwani kwa wiki kadhaa. Mama kaja amekauka, sodiamu yake imeshuka kwa sababu mwili ulikuwa unabana maji, halafu unampa dawa inayofanya kazi ile ile ya kubana maji? Ukiitazama juu juu ni kichekesho. Mwanafunzi anayekariri anaipita bila hata kuisoma mara mbili.

Turudi saa nane mchana, alipofika.

## Mama wa kilo 50

Ana miaka 48. Anameza haidroklorothiazaidi kwa ajili ya presha. Ameharisha siku sita, na kwa siku zote hizo amekunywa maji matupu na chai ya rangi, chakula hakipiti. Presha 88/54, mapigo 116 kwa dakika, ngozi ukiifinya inarudi taratibu, ulimi mkavu. Amelegea, lakini anajibu maswali vizuri na hajapata degedege.

Vipimo vya damu: sodiamu 114, potasiamu 2.3, sukari ya kawaida. Mkojo: osmolaliti, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka, 520, sodiamu 44, potasiamu 38. Vipimo vya chumvi vyote ni mmol kwa lita.

Wengi macho yao yanakimbilia 114. Ni namba ya kutisha, na mkono unaelekea wenyewe kwenye chumvi ya 3%. Lakini chumvi ya 3% hailetwi na namba. Huletwa na ubongo uliovimba: degedege, kupoteza fahamu, kupumua kwa shida. Huyo ungempa mililita 150 kwa dakika 10 hadi 20, kisha ungepima tena, kwa sababu kupandisha sodiamu kwa 4 hadi 6 kunatosha kuokoa ubongo. Mama huyu anaongea. Sodiamu yake imeshuka kwa siku nyingi, na seli za ubongo zimeshatoa chumvi na viini vyake vingine ili zisivimbe. Zimezoea umasikini. Hatari yake ni utajiri wa ghafla.

Kwa hiyo swali la kwanza la kujiuliza ni hili: ndani ya mishipa kuna ujazo wa kutosha au hakuna?

Kwake hakuna. Presha, mapigo na ngozi vinasema jambo moja.

## Mtego wa sodiamu ya mkojo

Hapa mtunzi wa swali ametega, na ametega vizuri.

Mwanafunzi amefundishwa kwamba mtu aliyepungukiwa maji na chumvi, figo zake hushika sodiamu, kwa hiyo ya kwenye mkojo huwa chini ya 30. Anaona 44. Anaona osmolaliti 520. Anaandika haraka kwamba huyu homoni ya vasopresini, inayoiamuru figo ibane maji, inatoka ovyo, ile hali ambayo kwenye karatasi huandikwa SIADH, na tiba ni kumzuia kunywa maji.

Amemsahau haidroklorothiazaidi. Dawa hiyo kazi yake yote ni kuifanya figo iachie sodiamu. Mtu akiwa bado anaimeza, sodiamu ya mkojo haiwezi kukueleza ujazo wa mishipa, kwa sababu figo haijaachiwa uhuru wa kushika. Vivyo hivyo kwa anayetapika sana: bikaboneti inapotoka kwenye mkojo huvuta sodiamu pamoja nayo, na hapo ni afadhali kutazama kloridi. Kipimo cha mkojo kikipingana na presha ya 88, amini presha, kisha tafuta nani ameharibu kipimo.

Kosa hilo lina gharama, nayo hubadilika kulingana na upande uliokosea. Ukimzuia maji mama huyu, unamwacha na presha ya 88. Ukikosea upande wa pili, yaani ukampa chumvi 0.9% mtu ambaye vasopresini yake kweli inatoka ovyo, unaweza kumshusha sodiamu zaidi. Hesabu yake ni fupi. Chupa ya lita moja ina chembe 308. Figo iliyokwama kwenye osmolaliti 520 itazitoa chembe zote hizo ndani ya mililita 590 hivi za mkojo. Zilizobaki, mililita 410, ni maji matupu uliyomwachia mgonjwa. Umempa chumvi, amebaki na maji.

Mbona basi kwa mama yetu chumvi hiyo hiyo itampandisha? Kwa sababu vasopresini yake ina sababu ya kutoka. Sababu ikiondoka, homoni inafunga.

Sentensi hiyo ndiyo itakayorudi saa sita usiku.

## Potasiamu ni sodiamu iliyovaa nguo nyingine

Kosa la pili halionekani kirahisi, na nadhani ndilo sababu ya mtunzi kuweka 2.3 pale badala ya 3.9.

Mwanafunzi hugawa karatasi sehemu mbili. Huku tatizo la sodiamu na tiba yake, kule tatizo la potasiamu na tiba yake. Kila upande anaujibu sawasawa, na jumla yake inamuumiza mgonjwa.

Mwaka 1958 Edelman na wenzake walionyesha kwamba sodiamu ya kwenye damu hufuata uwiano mmoja: sodiamu na potasiamu inayobadilishana mwilini, zikijumlishwa, kisha kugawanywa kwa maji yote ya mwili. Zote mbili ziko juu ya mstari wa kugawanya. Potasiamu ikiingia ndani ya seli, ama sodiamu inatoka nje kupisha, ama maji yanaifuata ndani ya seli. Kwa njia zote mbili sodiamu ya damu inapanda. Ndiyo maana kupoteza potasiamu kwa kuharisha na kwa dawa ya presha kumeshiriki kuishusha sodiamu yake, na ndiyo maana kuirudisha potasiamu kutaipandisha.

Kwa mtihani, hesabu ya chupa moja huandikwa hivi:

```
ΔNa = (Na + K ya dripu − Na ya damu) / (maji ya mwili + 1)
```

Maji ya mwili kwa mwanamke wa umri huu ni nusu ya uzito, basi lita 25. Lita moja ya chumvi 0.9% ina sodiamu 154. Toa 114, inabaki 40, gawa kwa 26: sodiamu inapanda kwa 1.5. Sasa tia ndani ya chupa hiyo hiyo ampuli mbili za kloridi ya potasiamu, za mililita 10 zenye mmol 20 kila moja. Juu panakuwa 194, toa 114, inabaki 80, gawa kwa 26: inapanda kwa 3.1.

Ampuli mbili zimeongeza nguvu ya chupa maradufu, na hakuna aliyezihesabu kama sodiamu.

Twende mbele kidogo. Mtu mwenye potasiamu ya 2.3 anaweza kuwa amepungukiwa mmol 400 mwili mzima, maana sehemu kubwa ya potasiamu hukaa ndani ya seli na damu huonyesha kivuli tu. Gawa 400 kwa lita 25: ni 16. Ukilipa deni lote la potasiamu kwa siku moja, hata usiweke tone la chumvi, umeshavuka mpaka wa usalama wa sodiamu mara mbili.

Mpaka wenyewe, kwa mtu kama huyu, ni 8 kwa saa 24, na lengo zuri ni 4 hadi 6. Wenye hatari kubwa ya kuumia ala ya mailini inayofunika neva za ubongo ni wale wenye sodiamu ya 105 kushuka chini, walevi wa muda mrefu, wenye utapiamlo, wenye ugonjwa wa ini, na wenye potasiamu ya chini. Mama huyu kaingia kwenye orodha kwa ile 2.3, na siku sita bila chakula hazimsaidii.

Kwa hiyo 2.3 imefanya kazi mbili kwenye swali. Imefanya sodiamu ipande haraka kuliko ulivyopanga, na imefanya kupanda huko kuwe na madhara zaidi. Mtunzi katili, lakini wodi nayo iko hivyo hivyo.

## Kilichofanyika mchana

Chupa ya kwanza, lita moja ya chumvi 0.9% bila kitu ndani, iliingia kwa saa moja. Sina ugomvi nayo. Presha ya 88 haisubiri mjadala.

Kisha zikafuata chupa mbili, kila moja na mmol 40 za potasiamu, kwa saa tisa. Kasi ya potasiamu ilikuwa chini ya mmol 10 kwa saa, na mkusanyiko wa 40 kwa lita, ambayo mshipa wa mkono unavumilia. Hakuna aliyeisukuma kwa sindano, jambo ambalo husimamisha moyo. Hakuna aliyeichanganya na dekstrosi, ambayo ingeamsha insulini na kuisukuma potasiamu ndani ya seli wakati kipimo cha umeme wa moyo tayari kinaonyesha mawimbi ya T bapa na wimbi la U. Ukisahihisha upande wa potasiamu peke yake, unampa maksi zote, labda unamkata moja kwa kutopima magnesiamu, maana ikiwa chini figo huendelea kuivujisha potasiamu hata uirudishe namna gani.

Sasa zihesabu chupa tatu moja baada ya nyingine, ukikumbuka kwamba kila chupa inaongeza lita moja kwenye maji ya mwili. Ya kwanza inakutoa 114 hadi 115.5. Ya pili inakufikisha 118.4. Ya tatu, 121.

Na kipimo cha saa sita usiku kinasema: sodiamu 121, potasiamu 2.8.

Kanuni imepatia. Hapo ndipo inapomlaza mtu usingizi.

## Bomba limefunguka

Kanuni hiyo haioni mkojo. Inamchukulia mgonjwa kama ndoo: unachomimina ndicho kinachobaki. Mchana mama alikuwa karibu na ndoo kweli, kwa kuwa figo zilikuwa zimefunga na mkojo ulikuwa kidogo na mzito. Ilipofika usiku ujazo wa mishipa umerudi, presha imekaa sawa, na ubongo hauna tena sababu ya kumwaga vasopresini. Homoni hiyo haikai muda mrefu kwenye damu. Figo zinaachia.

Vipimo vya mkojo wa saa sita: osmolaliti 110, sodiamu 14, potasiamu 16.

Ili kujua mkojo huu unafanya nini kwa sodiamu ya damu, osmolaliti haitoshi, kwa sababu ndani yake kuna urea ambayo haihusiki. Jumlisha sodiamu na potasiamu ya mkojo: 30. Linganisha na 121 ya damu. Robo moja tu ya mkojo huu ina chumvi kama ya damu. Robo tatu zilizobaki ni maji matupu yanayokwenda zake. Katika mililita 300, maji matupu ni 225 kila saa.

Kwa hesabu ya haraka, shika zile lita 25 za mwanzo. Ukitoa mililita 225, sodiamu ya 121 inapanda kwa 1.1.

Kwa saa moja. Bila dripu yoyote.

Tangu saa nane mchana ameshapanda 7. Mpaka ni 8. Ifikapo saa saba usiku atakuwa ameuvuka, na bado saa 13 za siku hiyo ya matibabu zimebaki. Akiachwa hivyo hadi alfajiri, saa kumi na mbili, hesabu inapita 127. Daktari akishikilia chupa ya nne yenye potasiamu, inapanda kutoka pande mbili.

Sasa yasome tena yale machaguo. Kuendelea na dripu ni kumwongezea chumvi anayemwaga maji. Kuongeza kasi ni kusoma mkojo mwingi kama upungufu mpya, wakati presha ya 118/74 inakanusha. Furosemaidi itaongeza maji yanayotoka na kumnyang'anya potasiamu ambayo ndiyo kwanza imefika 2.8. Chumvi ya 3% haihitaji maelezo.

Imebaki desmopresini, mikrogramu 2 kwenye mshipa au chini ya ngozi. Kile kilichoonekana kichekesho ni kufunga bomba kwa mkono baada ya mwili kulifungua mapema mno. Tunamrudishia kwa makusudi, na kwa kipimo tunachokijua, ile homoni iliyomshusha sodiamu, ili kasi ya kupanda iwe mikononi mwetu.

## Na dekstrosi je?

Kuna kishawishi cha kuchagua dekstrosi 5% peke yake pale inapowekwa kama chaguo. Wazo lina mantiki: maji yanapotea, rudisha maji. Kipimo kinachotumika kurudisha sodiamu chini ni mililita 6 kwa kilo kwa saa moja hadi mbili, kwake mililita 300. Hiyo ingemshusha kwa 1.4 hivi. Lakini figo zinatupa 225 kila saa; mwisho wa saa moja umebaki pale pale. Unajaza ndoo iliyotoboka. Pamoja na desmopresini, dekstrosi hiyo hiyo inafanya kazi kamili, kwa sababu maji unayompa yanabaki.

Hospitali isiyo na desmopresini, na nyingi hazina, inabaki na njia ngumu zaidi: kufidia maji yanayotoka, saa kwa saa. Anayeweza kunywa anywe maji matupu, takriban robo tatu ya kila alichokojoa, na sodiamu ipimwe kila saa mbili. Kinywa ni bora kuliko dripu hapa, kwa kuwa dekstrosi kwa kasi ya 225 kwa saa ina gramu 11 za sukari kila saa, nayo itaivuta potasiamu ndani ya seli. Sukari ikipanda sana kwenye damu, itavuta maji mengine kwenye mkojo.

Ila kuna jambo moja linalosahaulika baada ya kuandika neno desmopresini kwenye jibu. Ukishalifunga bomba, kila anachokunywa kinabaki. Uji alioomba, chai, maji ya kumezea vidonge, vyote sasa vinashusha sodiamu. Kwa hiyo dripu inasimama, kinywaji kinapimwa, na dawa inarudiwa baada ya muda wa saa nane kupita ikihitajika badala ya kusubiri mkojo uanze tena kumwagika.

Vipi potasiamu? Haisimami, 2.8 bado ni hatari kwa moyo. Inahamia kwenye vidonge, vile vya miligramu 600 vyenye mmol 8 kila kimoja, na kila kidonge kinaandikwa kwenye hesabu ya sodiamu: mmol 40, vidonge vitano, ni kama 1.5 ya kupanda. Haidroklorothiazaidi inafutwa kwenye cheti chake, na asirudishiwe baadaye.

## Kipengele cha mwisho

Swali lina kipengele (c), na wanaokwama hapa ni wale waliokuwa wamefika salama. Kinasema: mgonjwa mwingine, historia ile ile, hakupewa desmopresini. Sodiamu yake ilipanda kwa 16 katika saa 24 na akaruhusiwa siku ya tatu akiwa mzima wa afya. Siku ya tano anarudishwa: maneno hayaeleweki, anapaliwa akinywa maji, miguu haina nguvu. Sodiamu ni 136, potasiamu 4.0. Eleza.

Mwanafunzi anaona namba nzuri na kuanza kutafuta kiharusi, malaria, homa ya uti wa mgongo. Jibu liko siku tano nyuma. Ala ya mailini, hasa kwenye poni ya shina la ubongo, huumia wakati sodiamu inapanda, lakini dalili husubiri siku mbili hadi sita kujitokeza. Picha ya sumaku ya siku za mwanzo inaweza kuonekana safi, basi usiifute hoja kwa sababu ya picha.

Ushahidi wa kuandika kwenye jibu ni mistari miwili ya karatasi ya wodi ya siku ya kwanza: ampuli za potasiamu zilizoingia, na mkojo wa saa sita usiku.